Jengo Lililolipa Deni

Habari za fedha za umma hakuna anayezisimulia vizuri kunishinda mimi. Ulizeni popote. Ni kweli shule niliiacha darasa la saba, na kwenye hesabu za kugawanya mwalimu wangu alikata tamaa kabla yangu, lakini kusimulia fedha si lazima ujue kuzigawanya. Wanaozigawanya wapo, na ndio wanaotupatia cha kusimulia.

Basi alikuwapo mkaguzi mmoja wa hesabu, mwanamke wa makamo, mwenye miguu inayovimba ikifika mchana, ambaye kazi yake ilikuwa kuingia kwenye ofisi za watu, kuomba karatasi, na kuchukiwa kwa adabu. Mwaka huo yeye na mwenzake walipelekwa kukagua mfuko wa hifadhi ya jamii. Ndio ule ambao kila mwenye mshahara hukatwa kidogo mwisho wa mwezi, mwajiri naye akaongeza chake, fedha zikapelekwa huko zikae, zizae, na siku mtu akizeeka azikute zimenona. Hivyo ndivyo vipeperushi vyao vinavyosema, na pembeni pana picha ya mzee mwenye meno yote.

Chumba walichopewa wakaguzi kilikuwa stoo ya viti vibovu. Viti vyenyewe vilipangwa ukutani kama wagonjwa wanaosubiri kuitwa. Dirisha halifunguki, feni inazunguka kwa kulalamika, na chai iliyoletwa siku ya kwanza haikuonekana tena baada ya maswali kuanza.

Kazi waligawana hivi. Mwenzake, bwana mmoja mnene aliyeitwa Nukta kwa sababu hakuna nukta iliyowahi kumpita bila kusalimiana naye, alipewa michango: waajiri gani wamesajiliwa, nani analeta, nani anachelewa, nani anawakata wafanyakazi wake kisha fedha anazitia mfukoni. Mkaguzi alipewa uwekezaji: fedha zikishaingia zimepelekwa wapi, zipo kweli, na zinazaa nini.

Yeye alizoea zaidi michango. Lakini kabla hata ya kufungua faili alimwandikia mkuu wake, kama utaratibu unavyotaka, kwamba mume wake ana madai kwenye mfuko huo huo na hajalipwa, hivyo asipangwe upande ule. Mkuu alisoma akaguna.

"Na ni nani ambaye mume wake hadai?" aliuliza. Lakini akamhamisha.

Mume mwenyewe alikuwa mtunza ghala wa kiwanda cha biskuti. Aliingia pale nywele zikiwa nyeusi, akatoka zikiwa na rangi ya unga aliokuwa akiuhesabu. Kila mwezi alikatwa, na kila mwezi hati yake ya mshahara ilisema amekatwa. Kiwanda kilipofungwa akaenda kwenye mfuko kudai mafao yake, akaambiwa jina lake lipo, namba yake ipo, ila michango ya miaka yote ya mwisho haionekani. Tangu hapo alihamia kwenye mabenchi ya ghorofa ya chini, yeye na wazee wenzake, wakipigwa danadana kutoka dirisha moja hadi jingine. Jibu lilikuwa lile lile, tena la heshima: "Mzee, mwajiri wako hajaleta orodha ya wafanyakazi. Jaribu wiki ijayo."

Kwa hiyo asubuhi mke na mume walikuwa wakienda jengo moja. Yeye aliingia mlango wa pembeni wa wafanyakazi, mume aliingia mlango mkubwa wa wananchi. Walikubaliana wasisalimiane pale, isije ikasemwa mkaguzi anamsukumia mumewe faili. Wakikutana kwenye ngazi kila mmoja aliangalia ukuta wake. Watu waliozaa mapacha pamoja, wakapishana kama wapangaji waliogombania bomba la maji.

Mkaguzi alianza na hati fungani za serikali. Aliiandikia benki kuu, ikajibu kwamba zipo na kiasi ni hicho. Akaja kwenye amana. Kila benki alitaka imjibu yeye moja kwa moja, maana barua ikipitia mikononi mwa anayekaguliwa huwa inabadilika tabia njiani. Zikawa sawa. Hisa nazo zilikuwapo. Zilishuka thamani, na mfuko wenyewe ukaandika kwamba zimeshuka, jambo lililomshangaza kidogo. Mpaka hapo ilikuwa kazi ya kupambana na usingizi tu.

Kisha akafika kwenye majengo.

Kulikuwa na jengo moja la ghorofa tatu, nyuma ya kituo cha zimamoto. Kwenye vitabu limepangishwa lote, chini hadi juu, na kodi ya pango imeandikwa kuwa mapato mwezi baada ya mwezi tangu lilipoingia mikononi mwa mfuko. Mkaguzi akachukua taarifa za benki akaanza kuzitafuta hizo kodi. Akatafuta mwaka wa kwanza, akatafuta wa pili, akavua viatu, akatafuta wa tatu. Hakukuwa na hata senti. Kodi yote, mwaka hadi mwaka, ilikaa kwenye fungu la "tunadai".

Akaomba faili la namna jengo lilivyopatikana. Lilimjia kwa kusuasua, na alipolimaliza alirudi ukurasa wa kwanza akalisoma tena.

"Nukta," alisema mwishowe, "hili jengo hawakulinunua. Wala hawakulijenga."

"Waliliokota?"

"Walipewa. Kuna mwajiri alikuwa anadaiwa michango, na faini za kuchelewesha juu yake. Hana fedha. Akatoa jengo, bodi ikapokea, deni likafutwa."

"Hilo linaruhusiwa," Nukta alisema huku akimenya chungwa. "Likithaminiwa vizuri."

"Limethaminiwa vizuri mno. Deni na faini zake ukijumlisha, unapata thamani ya jengo. Haizidi, haipungui."

Nukta aliacha kumenya. "Mpaka senti ya mwisho?"

"Mpaka senti ya mwisho."

"Hilo ni jengo lenye adabu," Nukta alisema. "Lilikaa likasubiri kuambiwa deni ni kiasi gani, ndipo likapanda bei." Kisha akafuta mikono polepole, na uso wake ukabadilika. "Ni kiwanda cha biskuti, sivyo? Mimi upande wangu nimekiona. Nilikuwa natafuta namna ya kukuambia."

Akamweleza. Kwa upande wa mwajiri, deni limelipwa na barua ya shukrani amepewa. Kwa upande wa mfuko, mali imeingia. Lakini mwajiri hakuleta orodha ya wafanyakazi, nani alikatwa mwezi gani na kiasi gani, na bila orodha mfuko hauwezi kumwandikia mtu mchango wake. Kwa hiyo kiasi chote kilitupwa kwenye akaunti ya muda, lile dumu la fedha zisizo na wenyewe, na kimekaa humo.

"Mwajiri amelipa, mfuko umepokea, na wafanyakazi hawajapata kitu," Mkaguzi alisema.

"Orodha ikipatikana watapata. Mradi jengo liwe na thamani waliyoandika." Nukta aliliangalia chungwa lake kama vile limemkosea. "Kama ni kopo tupu, basi deni halikulipwa. Na kiwanda kimefungwa, hakuna tena wa kumdai. Hapo, mama, wale wazee wa chini..." Hakumalizia.

Hakuwa na haja. Jengo likisimama, mafao ya mumewe yanasimama. Likianguka, tena likiangushwa na kalamu yake yeye, yanaanguka nalo. Mkaguzi alimpigia mkuu wake simu akamweleza yote, bila kuficha, akaomba sehemu ile apewe mtu mwingine.

"Mtu mwingine yupi?" mkuu alisema. Sauti yake ilikuwa ya mtu ambaye naye viatu amevua. "Wote wako mikoani. Bodi inakutana wiki ijayo kutangaza faida ya wanachama. Andika kwamba umenijulisha, Nukta apitie kila utakachoandika. Wewe nenda kaangalie jengo. Lina watu au halina watu? Hilo halina mume wala mke."

Meneja wa uwekezaji alikuwa kijana wa suti, na wakaguzi walimwita Bwana Manukato, kwa sababu alikuwa anafika kwenye mkutano kabla hajafika. Alimpokea Mkaguzi kwa kiti kizima, cha kwanza alichokalia tangu aje pale.

"Mama mkaguzi! Umekonda. Wanakutesa hawa?"

"Hizi kodi za jengo la zimamoto," Mkaguzi alisema. "Hazijalipwa hata moja."

"Ah, zile. Wapangaji wetu ni wafanyabiashara wadogo, mama. Tunawalea."

"Miaka yote hiyo? Mimi nina wanangu wawili, nimewalea, na bado walipofika umri huo nilikuwa nawatuma dukani."

Manukato alicheka mpaka machozi, kicheko kirefu kuliko utani wenyewe. Mikataba ya upangaji ipo, alisema, na akaileta: mipya, misafi, yote imeandikwa kwa kalamu ya rangi moja. Mkaguzi akasema anataka kwenda kuwaona wapangaji. Sasa utaratibu wa ukaguzi una jambo moja ambalo mimi, na darasa langu la saba, sijapata kulielewa: ukitaka kumtembelea mtu uone kama anadanganya, unamwandikia kwanza barua kumwambia unakuja lini. Mkaguzi aliandika barua. Manukato aliipokea kwa mikono miwili.

"Keshokutwa asubuhi," alisema. "Utawakuta wote. Nitahakikisha."

Mkaguzi alitoka na nakala ya majina ya wapangaji, akamtupia Nukta mezani. "Nitafutie hawa kwenye orodha yako ya waajiri waliosajiliwa."

Jioni ya kuamkia safari hiyo, nyumbani, mume alikuwa mchangamfu. Alikuwa amekoga, amekata kucha, na anapiga pasi shati jeupe, yeye ambaye kwa kawaida pasi huiita chombo cha wanawake na mabepari.

"Kulikoni, Baba Pacha? Unaoa?"

"Kesho naenda zahanati. Goti."

"Siku hizi goti linataka shati jeupe?"

"Daktari anamsikiliza zaidi mtu aliyevaa vizuri. Wewe hujui tu." Alipuliza kola. "Mama Pacha, mambo yangu yataiva wiki hii. Kuna mtu pale mfukoni ameniahidi. Anasema faili langu litapanda juu lenyewe."

Mkaguzi alikaa kitako, akanyanyua miguu juu ya kigoda. "Umempa nini?"

"Sijampa kitu. Haki ya Mungu, hata senti. Mtu mwema tu, ameona wazee tunateseka."

Mkaguzi alitaka kumwambia. Alitaka kumwambia kwamba mafao yake yako kwenye jengo nyuma ya kituo cha zimamoto, na kwamba kesho yeye, mkewe, anakwenda kuligonga gonga kama anayenunua tikiti. Lakini mambo ya ukaguzi hayasemwi nyumbani, na alishaapa. Akamwangalia mzee akikunja shati lake kwa uangalifu, uso umejaa matumaini, na akasikia uchovu ambao haukuwa wa miguu.

"Usijipe moyo sana," alisema.

"Nisipojipa mimi atanipa nani? Wewe?" Lakini alisema kwa utani, akamletea maji ya moto ya kulowekea miguu.

Asubuhi jengo lilikuwa limefagiliwa. Ngazi zilikuwa bado zimelowa maji ya kudeki. Lilikuwa jengo la kawaida, rangi imebanduka, nyufa zimezibwa kwa mikono ya haraka, na juu ya kila mlango kulikuwa na kibao kipya. Manukato alikuwa anasubiri chini, na manukato yake yalikuwa tayari ghorofa ya kwanza.

Mkaguzi aliomba kuanzia kwenye mita za umeme. Zilikuwa zimetulia tuli, namba zile zile zilizokuwa kwenye hati ya makabidhiano ya siku mfuko ulipopokea jengo. Akaandika. Akafungua bomba la bafuni. Likakohoa, likatema kutu, likanyamaza. Akaandika.

"Wapangaji wetu ni watu wa kubana matumizi," Manukato alisema.

Ghorofa ya kwanza palikuwa na wakala wa tiketi za safari. Bibi mmoja alikuwa ameketi nyuma ya meza, mkoba magotini, kama aliyeko kwenye foleni.

"Shikamoo, mama," Mkaguzi alisema. "Biashara inaendaje?"

"Marahaba, mwanangu. Inaendelea kushughulikiwa," bibi alijibu. Ndilo jibu alilokuwa akipewa dirishani, lilimtoka lenyewe.

Ghorofa ya pili kilikuwa chuo cha kompyuta. Mwalimu alikuwa mzee wa fimbo, na kompyuta ilikuwa moja, waya wake umeviringishwa vizuri ukafungwa kwa mpira. Mkaguzi alimuuliza ana wanafunzi wangapi. Mzee alisema wapo mapumzikoni. Alimuuliza wanafundishwa nini. Mzee aliiangalia ile kompyuta kwa muda, akasema, "Nidhamu."

Mkaguzi alisimama kwenye korido akashika ukuta. Wote walikuwa wazee. Wote walikuwa na ile subira ya benchi, mabega yamezoea kuegemea ukuta, na kila mmoja alikuwa na kimfuko cha nailoni chenye karatasi zake miguuni. Watu gani hawa wanaovaa vizuri, hawana pa kwenda asubuhi, na watafanya lolote wanaloambiwa na mtu mwenye ufunguo wa kabati la mafaili? Aliwajua. Kila siku alikuwa akiwapita.

"Bwana meneja," alisema taratibu, "hawa wapangaji wako wana wafanyakazi?"

"Wanao, wengi tu. Leo wametumwa huku na huku."

"Basi ni waajiri. Mwenzangu jana amewatafuta kwenye orodha ya waajiri wenu waliosajiliwa. Hayumo hata mmoja." Aligeuza ukurasa. "Nisaidie kuandika. Niandike kwamba mfuko wa hifadhi ya jamii umewapangisha jengo lake waajiri wasiochangia, na mkaguzi wenu wa michango anapita mlangoni kila siku haoni? Au niandike kwamba hawa si wapangaji? Moja nitaliandika. Chagua wewe, mimi nimechoka."

Manukato alipiga hesabu. Ukisema hawachangii, unamchoma mwenzako wa michango, na mwenzako anajua ya kwako. Ukisema si wapangaji, unajichoma mwenyewe. Kijana alitoka jasho, na kwa mara ya kwanza akanuka kama watu.

"Kuna mmoja hujamwona," alisema haraka. "Ghorofa ya juu. Huyo ni kampuni kabisa. Usafirishaji wa mizigo. Huyo anachangia, kila kitu anacho. Twende, mama. Ukimwona huyo utajua."

Walipanda. Mkaguzi alipanda kwa kushika reli, ngazi moja moja. Juu kulikuwa na mlango mmoja. Manukato aliufungua kwa mbwembwe, akasema, "Mkurugenzi, wageni!"

Nyuma ya meza kubwa alikuwa ameketi mzee aliyevaa shati jeupe lililonyooka na tai iliyomkaba. Mbele yake palikuwa na simu isiyo na waya wowote na karatasi iliyoandikwa kwa mkono.

"Karibuni, karibuni, kampuni yetu ni—" alianza kusoma, akainua uso.

Alikuwa Baba Pacha. Rangi ilimtoka kuanzia kwenye paji la uso ikashuka hadi kwenye tai. Mkaguzi naye alisimama mlangoni. Nje, ng'ambo ya ukuta, wazimamoto walikuwa wakiosha gari lao, na maji yalisikika yakimwagika kwa wingi.

Macho ya mzee yaliomba. Hayakuomba msamaha, hilo wangelimaliza nyumbani. Yaliomba kile ambacho miaka yote ya benchi haikumpa. Weka alama ya vema, macho yalisema. Andika nimekuona, ushuke ngazi, na mimi faili langu lipande. Ni alama moja tu ya kalamu. Na hakuna atakayejua, maana pale mfukoni sisi si tulikuwa hatusalimiani?

Mkaguzi alivuta kiti cha mgeni, akaketi. Miguu ilikuwa inawaka.

"Mkurugenzi, habari za kazi," alisema.

"Nzuri," mumewe alisema kwa sauti ndogo.

"Una wafanyakazi wangapi?"

Mzee aliangalia karatasi. "Kumi na wawili."

"Unawakata michango?"

"Nawakata."

"Unaipeleka?"

Hapo jambo likamtokea mzee ambalo halikuwa kwenye karatasi. Alikaa wima. Damu ikamrudi usoni. "Napeleka!" alisema, akagonga meza. "Kila mwezi, tena kabla ya tarehe! Na orodha naambatanisha, jina kwa jina! Mimi si mtu wa kumkata mtu jasho lake nikalila. Mfanyakazi wangu mimi hawezi kuja kuzeeka akikaa kwenye benchi kama... kama..."

"Kama nani?"

"Kama watu," alisema. Tai ilipanda na kushuka.

"Umesikia?" Manukato alishangilia. "Si nilikuambia?"

Mkaguzi alikuwa amefungua kalamu. Ilikuwa imesimama juu ya karatasi, na kwa kitambo kirefu haikwenda kokote. Kama angeandika "nimemwona", jengo lingesimama kwenye vitabu, na bodi ingetangaza faida wiki ijayo, na faida yenyewe ingekuwa hewa ya vyumba hivi, ikagawiwa kwa watu wote wanaokatwa mwisho wa mwezi. Na mumewe angelipwa kutoka kwenye makato ya mtunza ghala mwingine, ambaye nywele zake bado nyeusi.

"Namba yako ya mwajiri, mkurugenzi?" aliuliza, na sauti yake ilikuwa ndogo kuliko ya mumewe.

Mzee aliigeuza karatasi yake, nyuma ilikuwa tupu. Akamwangalia mkewe.

Manukato akaona kimya kimezidi, akajitosa. Kama angekaa kimya tu dakika ile, labda pangekuwa na pa kutokea. Lakini mtu akishazoea kusema uongo, ukweli ukikaribia huongeza sauti.

"Mama mkaguzi, namba ni karatasi tu, tutakuletea," alisema, akamkumbatia mzee mabega. "Wewe angalia mtu. Mimi huyu namjua nje ndani! Yuko chumba hiki tangu siku ya kwanza. Huyu si mpangaji tena, ni mzazi wangu. Nyumbani kwake naingia bila hodi. Nakula kwake. Hata mke wake ananiita mwanangu."

"Mke wake," Mkaguzi alisema.

"Mama mmoja mcheshi sana. Ana duka la vitambaa."

Baba Pacha aliinamisha kichwa polepole mpaka paji la uso likagusa meza, karibu na ile simu isiyo na waya.

"Mweleze basi alivyo," Mkaguzi alisema, huku akiandika. "Nataka niweke kwenye taarifa."

"Alivyo? Mama wa makamo. Mwili wa wastani." Manukato alizungusha macho chumbani akitafuta mfano, akaupata. "Ukimwona utasema ni wewe."

"Baba Pacha," Mkaguzi alisema bila kuinua kalamu, kwa upole wa mtu aliyechoka kabisa, "mwelekeze mwanangu huyu duka langu la vitambaa liko mtaa gani."